Barua ya Maombi Ambayo Sikuiandika

Ubao wa matangazo wa halmashauri ya Bariadi ulikuwa umetundikwa kwenye ukuta wa nje, upande wa kivuli, karibu na mlango wa masjala. Ulikuwa na fremu ya mbao na wavu wa chuma ambao siku zote ulikuwa wazi kwa sababu kufuli lake lilipotea. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwa karibu miaka mitatu, nilisimama mbele ya ubao ule na daftari mkononi.

Siku hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Chama cha ushirika kilikuwa kimeshakufa kwa maana yote isipokuwa jina, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuja msimuni na mizani zao, wakaondoka. Vijana tuliokuwa tumesoma hadi kidato cha nne tulikuwa wengi na kazi za serikali zilikuwa chache, kwa hiyo habari ya nafasi ilitafutwa kama maji ya kiangazi. Ilikubidi ujue inapotokea, na ufike mapema.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na cheti cha mwaka mmoja cha utunzaji kumbukumbu. Daftari langu nililichora mistari mitano: cheo, mwajiri, sifa, mwisho wa kupokea maombi, na mstari wa mwisho ulioandikwa "imefika?" Mstari huo wa mwisho ndio ulionifundisha kazi. Mwanzoni nilidhani tarehe ya mwisho ni siku ya kupeleka barua posta. Nikapoteza nafasi mbili kwa kosa hilo. Tangazo likisema barua "ziwe zimefika", basi mhuri wa posta haukusaidii kitu. Barua inayokwenda Dodoma au Dar es Salaam ilitakiwa iondoke kwetu siku kumi kabla, na mvua ikinyesha, siku kumi na nne.

Magazeti yalifika kwa basi, ya jana au ya juzi. Mwenye duka la vitabu karibu na stendi aliniruhusu kusoma kurasa za matangazo nikiwa nimesimama, bila kununua, ilimradi nisikunje. Mara nyingine nililiona tangazo baada ya wiki, kwenye kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, sehemu ya tarehe ikiwa imelowa mafuta. Nilijifunza kukisoma kipande hicho pia, maana kilinionyesha mwajiri yupi anaajiri msimu gani na anataka sifa zipi, hata kama mlango ulikuwa umeshafungwa.

Aliyenifundisha kuandika barua alikuwa baba. Alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini, akiandika vitabu vya pamba kwa mwandiko ambao watu walisimama kuutazama. Nilipokuwa mdogo alinikalisha kando yake na kunipa mstari mmoja niuige mara hamsini. Kwa sababu hiyo mwandiko wangu ukawa wake. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniambia kwamba ninaandika kama mzee.

Chama kilipopunguza watu, baba alirudi nyumbani na kalamu yake tu. Mwaka uliofuata alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakamwondoka. Yalibaki machache, na hatukujua kwa nini hayo. Alisema "maji". Alisema "mayu", ambalo kwa Kisukuma ni mama, naye alimwita hivyo mama yangu. Na alisema "lini".

Neno hilo la mwisho lilikuwa langu. Nikirudi kutoka bomani kwenye ubao nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake na kumsomea niliyonakili. Macho yake yalitulia usoni kwangu, hayapepesi. Nikimaliza cheo na sifa, alisema, "Lini?" Nami nilimtajia tarehe ya mwisho. Akishaisikia, alifumba macho kama mtu aliyewekewa kitu mkononi.

Mama hakupenda. Aliniambia siku moja tukiwa jikoni, "Unamsomea mambo ya ofisi kila siku. Hayamtulizi. Ukitoka, anabaki anakwaruza."

"Anakwaruza nini?"

"Sijui. Godoro. Ukuta. Nasikia tu anakwaruza, nikiingia ananyamaza."

Niliusikia mkwaruzo huo mwenyewe, mchana mmoja wa jua kali, nikiwa napepeta mtama nje. Sauti ndogo, kavu, ya kwenda na kurudi. Kuku walikuwa wamelala kivulini na hapakuwa na upepo. Nilisogea hadi mlangoni. Sauti ikakoma kabla sijafika, kana kwamba ilikuwa imenihesabia hatua. Baba alikuwa amelala chali, mkono wake uliokufa juu ya kifua, mwingine ndani ya shuka. Alinitazama. Nikamuuliza kama anataka maji.

Tangazo ninalotaka kulieleza lilibandikwa Jumatatu. Nilikuwa wa pili kulisoma. Nafasi mbili za Msaidizi wa Kumbukumbu, hapo hapo halmashauri. Mwombaji awe raia wa Tanzania, umri usiopungua miaka kumi na nane na usiozidi arobaini na mitano, mwenye kidato cha nne na cheti cha utunzaji kumbukumbu kutoka chuo kinachotambuliwa. Barua iandikwe kwa mkono, iambatishwe nakala za vyeti, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha mbili za pasipoti, majina ya wadhamini wawili. Waliomo kazini wapitishe barua kwa waajiri wao. Hati za matokeo hazitakubaliwa badala ya vyeti. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ya wiki ya tatu, saa tisa na nusu alasiri.

Katika miaka mitatu sikuwahi kukutana na tangazo ambalo kila mstari wake ulinikubali. Siku zote palikuwa na mmoja ulionikataa: uzoefu wa miaka mitatu, au kompyuta, au stashahada. Hili lilikuwa kama limekatwa kwa vipimo vyangu.

Nilinakili neno kwa neno, pamoja na kumbukumbu namba. Nilipofika nyumbani nikamsomea baba. Nilisoma polepole, na nilipofika kwenye sifa alianza kutikisa mguu wake mzima.

"Lini?" akasema.

Nikamtajia. Safari hii hakufumba macho. Alisema tena, "Lini?" Nikarudia tarehe na saa. Akasema mara ya tatu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu augue, ya chini na iliyo wazi kabisa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la saa nane.

Ningeandika barua siku ile ile. Lakini jioni homa ilimpanda, na wiki ya kwanza ikaisha nikiwa hospitali ya wilaya, wiki ya pili nikiwa nyumbani namgeuza upande huu na ule. Nilijiambia bado zipo siku. Daftari lilibaki juu ya kigoda, wazi kwenye ukurasa ule. Baba alifariki Jumapili asubuhi ya wiki ya tatu, wakati watu wakienda kanisani. Tulimzika Jumatatu nyuma ya nyumba, kando ya shamba la pamba.

Ijumaa ile ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wa msiba. Nilitazama kivuli cha ukuta kikirefuka, nikajua saa tisa na nusu imepita. Sikulia kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha, na hiyo niliiweka pamoja na vingine.

Matanga yalipoisha nilikuta daftari kigodani. Katika mstari wa "imefika?" kwenye tangazo lile, paliandikwa neno moja: *imefika*. Kwa mwandiko wangu. Nilijaribu kukumbuka nimeliandika lini. Nilijiambia niliandika kwa kuota, katika zile siku za kukesha hospitali. Nikalifunga daftari, nikaliweka juu ya kabati, na kwa wiki tano sikwenda ubaoni.

Nilirudi bomani kwa shughuli nyingine, kumfuatilia mama cheti cha kifo cha baba. Nilipita mbele ya ubao bila nia. Palikuwa na orodha mpya ya walioitwa kwenye usaili wa Msaidizi wa Kumbukumbu, majina matano. La nne lilikuwa langu, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye vyeti.

Watu walikuwa wamesimama kando yangu wakisoma. Ubao huo ulikuwa hivyo siku zote, watu walinyamaza mbele yake. Karatasi za zamani zilikuwa zimebandikwa juu ya za zamani zaidi, tarehe zote zimepita, na upepo mdogo ulizinyanyua ncha moja moja kama kitu kilichokuwa kinapumua chini yake. Nilisoma jina langu mara nyingi. Nikatafuta kosa, nikafikiri pengine kuna mwingine mwenye majina kama yangu. Kando ya kila jina paliandikwa anwani. Yangu ilikuwa ya sanduku la posta la kanisa letu, ambalo baba alilitumia kwa barua zake.

Nyumbani nilifungua sanduku la bati nilikoweka nakala za vyeti. Siku zote nilikuwa na seti tatu zilizogongwa mhuri wa hakimu, tayari kwa lolote. Zilikuwepo mbili. Picha za pasipoti zilikuwa nne, zikabaki mbili.

"Mama," nikasema, "kuna mtu alifungua sanduku hili?"

Mama alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. "Nani afungue? Mimi sijui hata karatasi ipi ni ipi."

"Na wakati wa msiba, ulitoka kwenda bomani, au ulimtuma mtu?"

Alinitazama kama aliyesikia tusi. "Mjane anatoka wapi, mwanangu? Nilikaa pale mlipokuwa mnaniona."

Siku ya usaili nilivaa sketi ya kijivu na kubeba vyeti halisi. Tulikaa kwenye benchi la kibanda cha nje, watano. Wawili walirudishwa kabla ya kuingia, mmoja kwa sababu alileta hati ya matokeo badala ya cheti, mwingine kwa sababu chuo chake hakikuwa kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Tukabaki watatu. Hofu ya usaili wenyewe ilikuwa ndogo; nilichoogopa ni kuiona barua hiyo.

Chumbani walikaa watu wanne nyuma ya meza ndefu. Aliyeongea zaidi alikuwa afisa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliangalia vyeti vyangu, akalinganisha na nakala, akauliza tofauti ya jalada la wazi na jalada la siri, barua ikiingia inapita hatua zipi. Nilijibu bila shida. Kisha akafungua jalada jembamba, akatoa karatasi.

"Mwandiko wako ni mzuri sana," akasema. "Siku hizi hatuuoni. Lakini kuna jambo. Barua yako hukuisaini."

Akaisukuma juu ya meza pamoja na kalamu.

Niliiona barua. Ilikuwa kwenye karatasi ya mistari, ukurasa mmoja na nusu, na ilikuwa ya mkono wangu isipokuwa vitu viwili. Herufi zilikuwa zimeinamia kushoto, zote kwa pamoja, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Na tarakimu saba ilikuwa imekatwa mstari katikati. Mimi sikati saba, baba ndiye aliyezikata, kwa sababu kwenye vitabu vya pamba moja na saba zisipotenganishwa mkulima anapunjwa. Tarehe ya juu ilikuwa ya wiki moja kabla ya kifo chake. Mhuri wa masjala, wa zambarau, ulisomeka IMEPOKELEWA, na tarehe yake ilikuwa Alhamisi, siku ya tatu baada ya kumzika.

Chini palikuwa na jina langu kwa herufi kubwa. Mahali pa saini palikuwa peupe.

Nilishika kalamu. Nataka kueleza hili bila kujipamba. Nilikuwa naitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na ilikuwa umbali wa saini moja. Wajumbe wale wengine walikuwa wameshaanza kufungua jalada la anayefuata. Lakini niliitazama ile nafasi nyeupe, nikaona kwamba iliachwa kwa makusudi. Aliyeandika yote yale hakukosa nguvu ya kuandika jina dogo la mwisho.

"Sikuiandika mimi," nikasema.

Afisa utumishi akavua miwani. "Unasema?"

"Barua hii sikuiandika mimi. Vyeti ni vyangu, majina ni yangu. Nilikuwa na msiba, sikuomba. Nimeona jina langu ubaoni tu."

"Nani aliiandika?"

"Baba yangu. Ni marehemu."

"Marehemu tangu lini?"

Nikamwambia. Akatazama mhuri, akatazama tarehe, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani. Nilimwona akifika kwenye siku ile na kidole kikisimama. Mzee aliyekaa pembeni mwa meza akarudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Sasa sikiliza," afisa utumishi akasema kwa sauti ya upole kuliko ya mwanzo. "Barua ya maombi ni ya mwombaji. Hii si yako, umesema mwenyewe, na haina saini. Ilipaswa kuondolewa kwenye mchujo, tuliipitisha kwa makosa. Siwezi kukusaili kwa barua hii. Na siwezi kupokea nyingine, tarehe imepita. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Usiache kusoma ubao," akasema.

Nilitoka. Uwanja wa boma ulikuwa mweupe kwa jua, mbuzi wawili wamesimama chini ya mkaratusi. Nilikuwa mwepesi ajabu, kama mtu aliyetapika.

Wiki tatu baadaye tangazo jipya likabandikwa. Katika wale waliosailiwa alipatikana mmoja tu, na nafasi iliyobaki ilitangazwa upya, kwa sifa zile zile na kumbukumbu namba mpya. Niliandika barua yangu siku hiyo hiyo, kwenye meza ya mwenye duka la vitabu, nikasaini, nikaipeleka kwa mkono siku kumi na saba kabla ya mwisho. Nikaomba nakala yangu igongwe mhuri. Nikaitwa, nikasailiwa, na safari hii nikapata. Nilianza kazi katika masjala ile ile, mlango ulio karibu na ubao.

Mkuu wangu wa masjala alikuwa mzee mpole aliyekaribia kustaafu, mwenye tabia ya kunong'ona hata pasipo siri. Niliacha miezi miwili ipite. Halafu mchana mmoja, tukiwa wawili tu, nikamwomba rejista ya barua zinazoingia ya mwezi aliofariki baba. Ilikuwa kazi yangu kuishika, hapakuwa na ubaya. Nilifika kwenye ukurasa wa Alhamisi ile. Barua kumi na mbili. Ya tisa ilikuwa yangu. Kwenye safu ya namna ilivyofika, wakati nyingine zote zilikuwa na neno *posta*, yangu iliandikwa *kwa mkono*.

"Mzee," nikasema, "barua hii uliipokea wewe?"

Akasogeza rejista karibu na macho. "Mwandiko ni wangu. Ndiyo. Hii naikumbuka."

"Nani aliileta?"

"Mzee mmoja. Naikumbuka kwa sababu nilikuwa nataka kufunga niende kula. Alisimama hapo dirishani. Alikuwa na koti, kwa joto lile. Nikamwambia mwangaluka, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana, nilichanganya. Hakuitikia. Alinyoosha bahasha kwa mkono wa kushoto. Nikajisikia vibaya kidogo, unajua, mtu mzima kukupa kitu kwa kushoto. Lakini nikaona huo mwingine umelala."

Pangaboi lilikuwa linazunguka polepole juu yetu.

"Nilipogonga mhuri," akaendelea, "hakutaka nakala. Aliuliza neno moja tu. Akasema, *lini?* Nikadhani anauliza mwisho wa kupokea. Nikamwambia, mwisho kesho, mzee wangu, umewahi. Akaondoka." Akafikiri. "Alikuwa anatembea vizuri. Hilo ndilo lililonishangaza. Mkono umelala, lakini anatembea vizuri."

"Ulimfahamu?"

"Hapana. Kwani ni nani?"

Nilimwambia kwamba sijui. Na ndivyo ilivyo hata leo. Wazee waliovunjika mkono au kuugua kiharusi walikuwepo mjini, na mmoja wao angeweza kuwa rafiki wa baba wa zamani wa ushirika, aliyekabidhiwa bahasha akiwa hai na kuitunza hadi karibu na mwisho. Nilimtafuta mtu huyo. Niliuliza Bariadi, nikauliza Maswa kwa makarani wenzake waliobaki, nikamtuma mtu Lamadi kwa mmoja aliyekwenda kuuza samaki. Wote walitoa pole. Hakuna aliyeikubali bahasha.

La mwandiko nililipatia jibu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwetu tunamwita sengi, alikuja kutoka Meatu kwa ajili ya kuweka msalaba. Tukiwa tunachambua choroko nikamweleza juu ya herufi zilizoinama.

"Baba yako alizaliwa wa kushoto," akasema. "Shuleni walimfunga mkono huo kwa kamba ya katani, mwaka mzima, mpaka akajua kuandika kwa mkono wa kulia. Nyumbani akifika alikuwa ananiandikia jina langu mchangani kwa kushoto, ananiambia nisiseme."

Nikamwambia mama habari hiyo, na sauti ya kukwaruza ikapata maelezo. Chini ya godoro, upande wa ukuta, tulikuta kalamu ya wino na ubao mdogo wa kukatia mboga ambao mama alidhani umeibiwa. Baba alikuwa akiandikia juu yake, ndani ya shuka, mchana mchana. Namna alivyofika kwenye sanduku la bati kuchukua nakala, kwa mguu mmoja, hatukupata jibu. Mama alisema tuliache hapo, tukaliacha.

Miaka imepita. Nimebandika na kubandua matangazo mengi kwenye ubao ule kabla haujaondolewa. Kila Jumatatu baada ya kufunga maombi walikuja watu na bahasha, wengine kutoka mbali, nami nikawaambia tarehe imepita. Nilijifunza kuwaambia bila kukwepa macho yao, halafu nikawaonyesha tangazo jingine kama lipo, na kuwasomea sifa moja baada ya nyingine.

Mwaka mama alipoanza kuumwa miguu, aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza.

"Ile barua ya baba yako ilisema nini?"

Nilimwambia siwezi kuileta. Iko kwenye jalada la mwajiri, na karani hatoi karatasi kwenye jalada kwenda nayo nyumbani, hata ikiwa ni ya baba yake.

"Sikusema uilete. Nimesema ilisema nini."

Nikamwambia kwa kichwa, maana nilikuwa nimeisoma masjala mara nyingi. Ilikuwa barua ya kawaida, kama alivyonifundisha. Yahusu: maombi ya kazi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne. Nimesoma shule ya msingi mahali fulani, sekondari mahali fulani, chuo mahali fulani. Nina afya njema. Ninaweza kutunza majalada na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Ninaishi na wazazi wangu wote wawili, ambao wako hai na wananitegemea.

Mama alikuwa anamenya karanga. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha kwenye ungo.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia.